Nimwandikie nini meneja nikiamka mgonjwa?

*Bi Mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Likoni na ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwezi uliopita niliamka saa kumi alfajiri tumbo likiniuma sana, natokwa na damu kupita kiasi. Nina uvimbe kwenye kizazi. Niliogopa kuonekana nasingizia, basi nikaandika yote kwenye gropu ya ofisi: uvimbe, damu, dawa ninazomeza, hata jinsi nilivyolala sakafuni. Mwisho nikaandika, "Kama itawezekana naomba nisije leo." Meneja akajibu, "Pole, jaribu ufike saa nne." Sikuweza kwenda. Niliporudi, kijana anayepeleka karatasi bandarini akaniuliza mbele ya watu kama uvimbe umeshatolewa. Nilitamani ardhi ipasuke.*

*Mwezi ujao nimepangiwa matibabu na nitakuwa nje kama siku sita. Na katikati ya hapo maumivu yanaweza kurudi alfajiri yoyote. Nikiandika kifupi naona kama nitakosa adabu, nikiandika kirefu ndiyo hayo yaliyonipata. Niandikeje?*

*Karani wa Likoni*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kusimamia makarani, na simu yangu ndiyo iliyokuwa ikilia alfajiri mtu akiumwa. Kwa hiyo nitakueleza kwanza mambo yalivyo upande wa pili wa ule ujumbe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi msimamizi anatafuta jambo moja tu kwenye maneno yako: je, leo ana mtu au hana mtu? Akishajua hana mtu, swali lake la pili ni kazi gani ya leo itakwama. Habari za uvimbe na damu anazisoma, anakuhurumia, kisha anarudi juu kutafuta jibu la maswali yake mawili, na mara nyingi halipo. Ndiyo maana mtu anaandika aya tatu za maumivu ya kweli na kujibiwa "jaribu ufike saa nne." Meneja wako hakukuona mwongo. Maneno yako ya mwisho yalimwachia mlango wazi, naye akapita.

Angalia yale maneno: "kama itawezekana naomba nisije." Ukiandika hivyo, uamuzi wa kama mwili wako unaweza kuvuka kivuko na kukaa ofisini mpaka saa kumi na moja jioni umemkabidhi mtu asiyekuona. Yeye atajibu kama unavyojibiwa ukiomba ruhusa ya kwenda arusini, atatafuta njia ya katikati. Hata "sijisikii vizuri" na "sidhani kama nitaweza" yana kasoro hiyohiyo, kwa sababu yote mawili yanaalika maneno ya kukutia moyo uje. Mgonjwa anatoa taarifa kwamba hatafika. Anachoomba ni siku ile iandikwe vipi. Ukizitenga hizo mbili, adabu inabaki pale pale na mlango unafungwa.

Sheria yenyewe imekaa hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hizo siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12 ya utumishi. Hicho ni kima cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kukupa zaidi, kwa hiyo itoe barua yako ya ajira uisome upya. Sheria inakutaka ufanye mambo mawili. Umjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana kwamba hutafika na kwa sababu gani, na ulete cheti cha kuonyesha huwezi kufanya kazi, kilichotiwa saini na daktari aliyehitimu au anayesimamia zahanati au kituo cha afya kwa niaba yake. Hapo kwenye "sababu" ndipo wengi mnapoteleza. Sababu ya kutofika kazini ni kwamba unaumwa na huwezi kufanya kazi. Ugonjwa una jina gani na umekaa kiungo gani, hayo ni ya daktari. Cheti ndicho kinachothibitisha, na urefu wa ujumbe hauongezi hata punje ya ushahidi. Mimi sikuwahi kumwamini mtu zaidi kwa sababu ameandika mengi.

Sasa tuuandike ujumbe wako wa alfajiri ile, tuseme ilikuwa Jumanne na ulikuwa na kontena mkononi:

> Shikamoo Meneja. Naumwa na sitaweza kufika kazini leo Jumanne. Naenda zahanati asubuhi hii, na kabla ya saa nane mchana nitakujulisha kama nitahitaji siku zaidi. Kontena la mteja wa Bamburi linamaliza siku zake za bure bandarini kesho. Faili liko droo ya juu, na nimemwomba Fulani alifuatilie. Naomba siku ya leo iandikwe likizo ya ugonjwa. Karatasi ya daktari nitaileta.

Usomeke kama umekamilika, kwa sababu umekamilika. Sasa nikuonyeshe kila sentensi imewekwa pale kwa nini, ili siku ukiwa na jambo tofauti ujue cha kubadilisha.

Salamu ni moja na iko ndani ya ujumbe wenyewe. Hapa pwani hatuanzi na shida bila salamu, na mimi siwezi kukushauri uanze hivyo. Lakini nimeona makarani wengi wakituma "Shikamoo" peke yake, kisha wanangoja "marahaba" ndipo waseme. Meneja yuko bafuni au yuko kwenye matatu, "marahaba" inakuja saa mbili na robo, na taarifa yako inafika kazi imeshaanza. Ile saa iliyoandikwa kwenye ujumbe ndiyo itakayoonyesha ulijulisha mapema au ulichelewa, kwa hiyo salamu na habari viende pamoja. Kama meneja ni mdogo kwako au mmezoeana kwa "Habari za asubuhi," tumia hiyo. Usiongeze "samahani sana kwa usumbufu, naomba usinikasirikie." Kuumwa si kosa, na ukiomba radhi mara tatu msomaji huanza kujiuliza umekosa nini.

"Naumwa na sitaweza kufika kazini leo Jumanne." Hapo pana ugonjwa, pana uamuzi, pana siku. Siku itaje kwa jina, maana ujumbe huu unaweza kusomwa tena baada ya miezi minne na mtu wa mishahara anayehesabu siku zako, naye "leo" yako haitamwambia kitu. Ukiona "naumwa" tupu ni kavu mno kwa mtu mliyezoeana naye, andika "nimeamka mgonjwa." Ni laini zaidi na bado haijasema tumbo wala kichwa.

Zahanati nimeitaja kwa makusudi. Inamwambia meneja kwamba karatasi inatafutwa leo, nawe inakukumbusha usilale nyumbani siku nzima na dawa za dukani halafu Jumatano ukatafute cheti cha Jumanne. Daktari mwaminifu anaandika siku aliyokuona na siku anazokupumzisha kuanzia hapo. Ukimtaka arudi nyuma unamweka pabaya. Na risiti ya duka la dawa si cheti, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani. Kwako wewe wa Likoni hakuna haja ya kuvuka kwenda kutafuta hospitali kubwa mjini ukiwa katika hali ile. Zahanati ya karibu inatosha, mradi anayetia saini awe na mamlaka hayo.

Sentensi ya kontena ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo uliyoikosa mwezi uliopita. Ulizungumzia mwili wako kwa maneno mia na ushei, na kazi yako hukuitaja hata kwa neno moja. Meneja wa ofisi ya kutoa mizigo anaogopa jambo moja kuliko yote: kontena kupitiliza siku za bure, mteja kuanza kutozwa ada ya kuhifadhi kila siku, na lawama kumrudia yeye. Ukimwambia lipi linaisha lini, faili liko wapi na nani ameshalishika, hofu hiyo imekwisha, na hana tena sababu ya kukwambia uje saa nne. Lakini taja kitu kimoja tu, viwili vikizidi, vile visivyoweza kungoja. Orodha ya mafaili kumi na moja ni ya siku za uzima. Na huyo Fulani mwombe kweli kabla hujaandika jina lake. Nimeona ugomvi mkubwa umezuka kwa mtu kutajwa kwenye ujumbe wa mwenzake naye hana habari.

Mwisho ni ombi lenyewe, siku iandikwe likizo ya ugonjwa. Watu wengi hawaisemi sentensi hii, halafu mwisho wa mwezi wanakuta siku imekatwa kwenye likizo ya mwaka, au imeandikwa hakufika. Ukiisema, kuna maandishi kwamba uliomba tangu asubuhi ile.

Ujumbe huo unamtumia meneja peke yake, kwenye namba yake. Gropu ya ofisi ina madereva, vijana wa karatasi, pengine na mtu aliyeacha kazi mwaka jana ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa. Kama desturi ya ofisi yenu ni kujulisha kwenye gropu ili watu wapange kazi, mtumie meneja kwanza, kisha kwenye gropu andika: "Leo sitakuwepo. Kontena la Bamburi liko kwa Fulani." Basi. Hata neno "naumwa" si lazima huko. Kama kanuni za kazi zinataka upige simu kabla ya shifti, piga, kisha tuma ujumbe vilevile, maana simu haiachi maandishi. Na kama umezidiwa huwezi hata kushika simu, mtu wa nyumbani anaweza kukujulishia. Sheria inakubali taarifa ipelekwe na mtu mwingine. Ila umwambie mapema dadako au mamako aseme nini, kwa sababu mama akishika simu ya binti mgonjwa atahadithia kila kitu kwa mapenzi yake.

Sasa saa nane mchana. Hapa ndipo mambo huharibika kwa watu wazuri kabisa, wenye ugonjwa wa kweli na karatasi ya kweli. Mtu anajulisha Jumanne, daktari anampumzisha mpaka Alhamisi, yeye anakunywa dawa analala. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Anarudi Ijumaa na karatasi yake mkononi anakuta barua ya kujieleza mezani. Ofisini hakuna aliyejua. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinahesabu kutofika kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Sababu halali unayo, lakini sasa inabidi uitetee, na ungeweza kuimaliza kwa mistari miwili:

> Meneja, daktari amenipumzisha hadi Alhamisi. Nitarudi kazini Ijumaa asubuhi. Karatasi yake nimekutumia hapa.

Kabla hujaipiga picha hiyo karatasi, iangalie. Cheti cha mapumziko mara nyingi kina jina lako, tarehe, idadi ya siku, saini na mhuri, na mara nyingine kina nafasi ya kuandika ugonjwa. Ukiwa bado umekaa mbele ya daktari, mwambie kwa upole: "Daktari, hii inakwenda kwa mwajiri. Naomba uandike tu kwamba siwezi kufanya kazi mpaka tarehe fulani." Wengi huelewa mara moja. Ukishatoka nje ni vigumu kubadilishiwa. Ambacho hakitakiwi kutoka mkononi mwako ni kitabu cha matibabu, karatasi ya dawa, na majibu ya maabara au ya picha ya kizazi. Nilikuwa na karani mmoja aliyetuma picha ya kitabu chake chote, kurasa nne, kwa sababu aliogopa cheti peke yake hakitoshi. Mimi sikuhitaji hata ukurasa mmoja. Nilizifuta, lakini si kila mtu hufuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa zile nyeti zinazotaka uangalizi wa ziada, na ofisi inayokusanya zaidi ya inachohitaji inajitafutia mashaka. Wewe usiisaidie kukusanya.

Na akiuliza, "Pole, unaumwa nini?" Mwanangu, hapa kwetu swali hili ni la huruma mara tisa katika kumi. Anayeuliza angeuliza hivyo hivyo kwa jirani yake. Usimjibu kama mtu aliyekuvamia, wala usijione umewekwa kizimbani. Jibu: "Ahsante Meneja, nimeshapoa. Ni tatizo la kiafya na daktari analishughulikia." Ukiishia hapo watu wengi wataishia hapo. Akirudia, rudia maneno yaleyale, kisha uongeze: "Kama kuna kinachohitajika zaidi ya cheti, naomba nizungumze na afisa wa wafanyakazi." Usibuni ugonjwa mwingine ili kumridhisha. Ukisema malaria leo na uvimbe ukaja kujulikana baadaye, umejitia kwenye uongo ambao hukuuhitaji.

Yako mambo ambayo kwa hayo ningekushauri useme zaidi. Ukiumia kazini, tuseme umeteleza ngazi za ofisi au umegongwa na mlango wa kontena, eleza mahali, saa, ilivyotokea na nani aliona, na ueleze siku hiyohiyo. Fidia ya majeraha ya kazini inaanzia kwenye taarifa hiyo. Ukiambiwa una ugonjwa wa kuambukiza ambao waliokaa nawe wanapaswa kupimwa, fuata maelekezo ya daktari kuhusu nani aambiwe nini. Na kama ugonjwa unabadilisha namna unavyofanya kazi, taja hicho kinachobadilika na uache jina la ugonjwa. "Daktari amenizuia kunyanyua vitu vizito kwa wiki tatu" inatosha meneja akupangie kazi ya mezani. "Dawa ninazotumia zinanipa usingizi" ni lazima dereva wa mashine ya kunyanyua mizigo aiseme, kwa usalama wake na wa wenzake, na bado hajataja dawa ni ya nini.

Tuje kwenye matibabu ya mwezi ujao. Huu ni ujumbe mwepesi zaidi kwa kuwa una muda, na muda huo utumie. Kwanza muulize daktari siku anazokadiria, ukijumlisha za kupona nyumbani, kwa sababu wengi huhesabu siku za kulazwa tu. Pili, hesabu ulizokwisha kutumia. Tuseme katika miezi yako 12 ya sasa umeshapumzika siku 3 kwa cheti. Miezi 12 inahesabiwa kwa utumishi wako, kwa hiyo mwaka wako unaweza kuwa umeanza Agosti, kama uliajiriwa Agosti. Kati ya zile 7 za mshahara kamili zimebaki 4. Ukihitaji 6, basi kwa kima cha sheria 4 ni za mshahara kamili na 2 ni za nusu, isipokuwa mkataba wako una kiwango kizuri zaidi. Ni vyema uyajue hayo sasa, kabla ya siku ya mshahara, na kama hizo mbili zinakuuma unaweza kuuliza kama zitawekwa kwenye likizo yako ya mwaka. Uliza tu, usiandike kwenye ujumbe wa kwanza. Kisha, wiki mbili kabla:

> Habari za asubuhi Meneja. Nimepangiwa matibabu hospitalini, na daktari amekadiria nitakuwa nje ya kazi siku 6, kuanzia tarehe 14 hadi 19. Naomba siku hizo ziwe likizo ya ugonjwa. Barua ya hospitali nimeikabidhi kwa afisa wa wafanyakazi. Wiki hii nitakaa na Fulani tupitie mafaili yangu kabla sijaondoka. Siku zikibadilika nitakujulisha mara moja.

Nimeandika "matibabu," sikuandika "upasuaji." Upasuaji ni neno linalozaa maswali: wa nini, wapi, utapona lini. Matibabu ni kweli na yanafunika. Barua nimeipeleka kwa afisa wa wafanyakazi ndani ya bahasha, kwa kuwa barua za kulazwa huwa na jina la idara ya hospitali, na idara ya magonjwa ya wanawake ikionekana tu, watu wameshamaliza hadithi. Kama ofisi yenu ni ndogo, haina afisa huyo na meneja ndiye kila kitu, mpe meneja bahasha mkononi na umwambie, "Hii naomba ibaki kwenye faili langu." Na ile sentensi ya "siku zikibadilika" usiiache. Matibabu hayafuati kalenda, na siku ya sita ukiwa bado unalazwa mtu wa nyumbani awe na namba ya meneja na maneno ya kumwandikia.

Unapokuwa huko, zima tamaa ya kuweka picha ya mkono wenye sindano kwenye hali yako ya WhatsApp. Meneja ana namba yako, na yule kijana pia anayo.

Kuhusu yaliyokwisha kuandikwa kwenye gropu: muda wa wewe kuyafuta kwa wote umeshapita, lakini msimamizi wa gropu, kama bado inawezekana kwake, anaweza kuuondoa ujumbe wa mtu mwingine. Mwandikie kwa faragha, "Naomba uufute ujumbe wangu wa tarehe fulani, niliandika mambo binafsi." Hana haja ya maelezo zaidi. Waliosoma wamesoma, ila usibaki pale wa kusomwa tena.

Na kijana yule zungumza naye wewe mwenyewe, mkiwa wawili, bila hasira. Pengine hakujua anakuvunjia heshima; kwake lilikuwa jambo lililoandikwa mbele ya wote, akadhani ni la kuulizwa mbele ya wote. Mwambie: "Mdogo wangu, siku ile nilizidiwa nikaandika nisiyopaswa kuandika. Nimepoa, ahsante, lakini hilo sipendi lizungumzwe ofisini." Akiuliza tena baada ya hapo, mbele ya watu, jibu "Nimepoa, ahsante," halafu urudi kwenye faili lako.

Ule ujumbe wa kwanza uandike leo ukiwa mzima, uuhifadhi kwenye simu, uache wazi mahali pa siku, mteja na jina la Fulani. Saa kumi alfajiri tumbo likikuuma hutakuwa na nguvu ya kuchagua maneno, utajaza hizo nafasi tatu tu na kubonyeza.